Taarifa ya Tukio: Boila Namba 2, Usiku wa Kuamkia 13 Juni 2024

Mahali: nyumba ya boila, kiwanda cha chai, Wilaya ya Mufindi. Boila ya kuni, presha ya kazi bar 8, valvu ya usalama imewekwa kufunguka bar 10. Aliyeumia ni mwendesha boila wa zamu ya usiku: ameungua kwa mvuke mkono wa kulia, kiganja hadi kiwiko. Amelazwa. Daktari hajaruhusu ahojiwe.

Saa zote humu ni za Kiswahili, kama zilivyo kwenye madaftari. Saa ya ukutani ya nyumba ya boila iko nyuma ya saa ya getini kwa dakika 6. Tulizilinganisha asubuhi kabla ya yeyote kuirekebisha. Hatukubadilisha saa yoyote iliyoandikwa.

Daftari la zamu, ukurasa wa 87, neno kwa neno:

"8:30 – presha 7.8. Maji nusu kioo. Sawa.
9:00 – presha 7.5. Maji robo. Pampu inavuta hewa. Tangi la moto sana nyuzi 94.
9:14 – maji hayaonekani vizuri kioo. Nimefunga valvu ya m"

Hapo ndipo maandishi yanapokoma. Baada ya herufi "m" kuna mstari wa wino wa sentimita 3 unaoshuka kulia. Kama mkono ulishtuka au kalamu ilidondoka, ukurasa hausemi, nasi hatusemi.

Neno hilo lina uzito wake. Linaweza kuwa "mvuke" na linaweza kuwa "maji", na kila moja lina maana kiufundi. Kufunga valvu kuu ya mvuke kunapunguza maji yanayotoka wakati kioo kinashuka. Kufunga valvu ya maji ya kuingia boila hufanywa hapa kiwandani pampu ikivuta hewa, ili itolewe hewa kwanza. Lakini moto ukiwa bado mkali, boila hubaki bila maji mapya. Rasimu ya kwanza, iliyoandikwa na msimamizi wa zamu saa 1 asubuhi, ilisema "alifunga valvu ya mvuke". Rasimu hiyo imeondolewa kwenye taarifa na kuhifadhiwa kama Kiambatisho C, pamoja na maelezo yake kwamba aliandika hivyo kwa sababu "ndivyo mtu yeyote angefanya".

Hali ya valvu haitusaidii. Fundi wa zamu aliingia saa 9:31 kwa saa ya getini, akaifunga valvu kuu ya mvuke mara moja, kama ilivyompasa. Hakumbuki kama gurudumu lilizunguka au lilikuwa limeshakaza. Saa 9:50 valvu ya maji ilionekana ikiwa wazi nusu, lakini kabla ya hapo watu wawili walikuwa wameigusa. Swichi ya feni ilikutwa imezimwa, aliyeizima hajajulikana.

Mlinzi ameandika kwenye daftari la geti: "9:24 mlio mkubwa boila." Mstari wa mwisho wa mwendesha boila, kwa saa hiyo hiyo ya getini, ni 9:20. Kuanzia 9:20 hadi 9:31 hakuna maandishi wala shahidi wa ndani, isipokuwa mlio huo mmoja uliosikika kutoka nje. Dakika hizo 11 tumeziacha wazi kwenye jedwali la matukio.

Yaliyoonekana asubuhi boila ilipopoa: kioo cha maji kimevunjika, na kinga yake ilikuwa imening'inizwa ukutani. Chujio la kabla ya pampu limeziba tope kiasi cha robo tatu. Mtego mmoja wa mvuke unapitisha, hivyo mvuke ulikuwa unarudi kwenye tangi. Hilo linaeleza nyuzi 94 na pampu kuvuta hewa. Plagi ya usalama ya tanuru haijayeyuka. Haya yanaeleza kwa nini maji yalishuka. Hayaelezi alichofanya mwendesha boila baada ya 9:14, wala hayaonyeshi kama kioo kilivunjika kabla au baada ya kugusa valvu.

Ukurasa wa 87 umepigwa picha ukiwa na rula pembeni. Nafasi iliyobaki chini ya maandishi imekatwa kwa mstari mwekundu, tarehe na sahihi mbili, ili asiongeze mtu. Daftari limefungwa kwenye bahasha. Zamu zinaendelea na daftari jipya. Mkaguzi wa OSHA atapewa la awali, si nakala.

Mwendesha boila akiruhusiwa kuhojiwa, swali la kwanza liwe: "Baada ya kuandika mara ya mwisho, ulifanya nini?" Asiulizwe "ulifunga ya mvuke?" na asionyeshwe ukurasa kabla hajajibu. Jibu lake litakuwa Kiambatisho D, na tarehe ya siku alipolitoa. Halitaandikwa kwenye ukurasa wa 87.