Kuhusu yale makopo ya virutubisho

Kigoma, Mwanga

Kaka, salaam.

Uliniuliza juzi kama ununue yale makopo matatu uliyoyaona dukani: la unga wa protini, la amino asidi na la "kuchoma mafuta". Nakushauri usinunue.

Wewe una kilo 70. Kwa mtu anayenyanyua vyuma, protini ya kama gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili kwa siku inatosha, yaani gramu 112 hivi. Hizo tunazo hapa hapa. Gramu 100 za dagaa wakavu wa Kibirizi zina zaidi ya gramu 50 za protini, yai moja lina kama 6, na bado hujahesabu migebuka na maharage. Unga wa kopo la kwanza ni protini ya maziwa iliyokaushwa tu. Misuli haijui bei uliyolipa.

Zile amino asidi za kopo la pili zimo tayari ndani ya samaki huyo huyo. Kopo la "kuchoma mafuta" ndilo linaloniogopesha zaidi: mengi ya aina hiyo yana kafeini nyingi, na baadhi yamewahi kukutwa na dawa zisizoandikwa kwenye lebo. Nawe presha yako hupanda.

Kati ya virutubisho vyote, kreatini ndiyo yenye ushahidi mzuri, gramu 3 hadi 5 kwa siku, lakini muulize daktari wako kwanza.

Hela hiyo nunulia chakula, kaka, na ulale mapema. Usingizi wako ndio unaonipa wasiwasi. Jumatatu saa 12 asubuhi tunafanya miguu.

Mwalimu wako wa mazoezi