Mpango wa wasilisho la dakika kumi: mradi wa kuhifadhi mahindi Kongwa

Nafasi: Afisa Mradi, Kilimo na Masoko. Usaili ni Dodoma mjini, saa 3:30 asubuhi, jopo la watu wanne. Barua inasema dakika kumi za kuwasilisha, kisha maswali. Slaidi ni nne tu, na nakala zake zimechapwa, maana siitegemei projekta ya mtu. Nakwenda na mfuko mmoja wa kinga njaa, chupa ndogo ya glasi yenye kifuniko, chumvi kavu na mahindi ya viganja viwili.

Dakika ya 1: kujitambulisha

Nitasimama, nitasalimu, nitaingia kwenye mradi bila kusoma wasifu wangu, kwa sababu wanao mezani.

"Ndugu Mwenyekiti na wajumbe wa jopo, habari za asubuhi. Nimeombwa nieleze mradi mmoja niliousimamia. Nimechagua wa kuhifadhi mahindi katika vijiji vitatu vya wilaya ya Kongwa, msimu wa 2021 hadi 2022. Nilikuwa mratibu wa uwanjani. Kaya zilizoshiriki ni 62. Tulianza tukidhani shida ni wadudu. Tulimaliza tukijua kuwa shida kubwa ilikuwa fedha za mwezi Julai."

Sentensi hizo mbili za mwisho nizitamke taratibu. Wakisahau mengine yote, hizo zibaki.

Dakika ya 2 na ya 3: hali tuliyoikuta (slaidi ya 1: picha ya gunia lililotobolewa na dumuzi)

Hapa nipite haraka, jopo hili linaijua Dodoma. Mvua ni msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, na mavuno huanza Mei. Soko kubwa liko Kibaigwa, barabara kuu ya kwenda Morogoro. Ikifika Julai kila mtu anauza, bei inalala. Januari watu walewale wananunua unga.

Kuhusu dumuzi, maneno machache: si mdudu wa kwetu, asili yake ni Amerika ya Kati, na alianza kuonekana nchini upande wa Tabora. Wazee wengine bado wanamwita skania. (Niseme hili kama jopo linaonekana limechangamka. Wakiwa wamenuna, niliruke.)

Jambo la sumukuvu lazima nilitaje kwa uzito wake: mwaka 2016 watu walipoteza maisha Dodoma na Manyara kwa kula nafaka yenye sumu hiyo. Kwa hiyo mradi wa kuhifadhi usioanza na kukausha ni hatari, si pungufu tu.

Dakika ya 4 na ya 5: tulichofanya ghalani (vitendo, bila slaidi)

Nitaweka mahindi na chumvi kwenye chupa, nitatikisa, nitaisimamisha mezani. "Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado mabichi, yarudi juani. Isipoganda, tunaendelea." Kipimo cha mashine kilikuwa kimoja kwa vijiji vyote vitatu, na kiwango tulichokifuata ni unyevu usiozidi asilimia 13.5. Chupa kila kaya inayo.

Kisha mfuko. Nionyeshe tabaka mbili za plastiki ndani ya kiroba, kila moja ikikunjwa na kufungwa peke yake. Hewa haiingii, wadudu wanamaliza oksijeni iliyomo, wanakoma. Hakuna dawa. Niseme wazi pia kile ambacho mfuko hauwezi: hauondoi sumukuvu iliyokwishaingia shambani au wakati wa kuanika chini. Ndiyo maana tulisisitiza maturubai.

Nisizidishe hapa. Ni rahisi kuufurahia mfuko huu hadi dakika ya nane.

Dakika ya 6 hadi ya 8: kiini (slaidi ya 2: hesabu, slaidi ya 3: kalenda ya vikundi)

"Tulipozunguka mwezi Juni, tulikuta watu wameelewa mafunzo vizuri, mifuko wamenunua, na bado wanapanga kuuza Julai. Mama mmoja alituambia: 'Mwanangu, mfuko ni mzuri, lakini mwenye trekta yuko mlangoni.' Deni la trekta, michango ya shule, harusi, vyote vinadaiwa baada ya mavuno."

Halafu nieleze tulivyokaa na VIKOBA vya vijiji hivyo. Vilikuwa vikivunja kisanduku Desemba. Wanachama walikubali mambo mawili: kusitisha mikopo midogo kabla ya mavuno ili fedha zikusanyike, na kusogeza kuvunja hadi Machi. Mkopo ukatolewa Juni na Julai, ukarejeshwa Februari mahindi yalipouzwa. Sisi hatukuweka hata shilingi kwenye kisanduku. Hili nilirudie, maana nafasi ninayoomba inahusu miradi inayotakiwa kuendelea baada ya mfadhili kuondoka.

Hesabu ya kaya moja, kama ilivyo kwenye slaidi: gunia sita za kilo 100. Bei ya kijijini Julai 38,000, Februari 56,000. Tofauti ni 18,000 kwa gunia, jumla 108,000. Toa mifuko sita kwa 5,000, zinabaki 78,000. Toa riba 10,000 ya mkopo wa laki moja, zinabaki 68,000. Msimu unaofuata mifuko ileile inatumika tena kama haijatoboka.

Kaya 41 kati ya 62 zilifika Januari zikiwa na mahindi ya kuuza. Zilizobaki nyingi ni zile ambazo hazikuwa kwenye kikundi chochote. Nisiifiche namba hiyo. Ndiyo inayothibitisha hoja.

Dakika ya 9: yaliyotusumbua

Mawili tu. Panya walitoboa mifuko iliyowekwa sakafuni, tukahimiza chanja na kuacha nafasi ukutani. La pili, kaya zilifungua mfuko mmoja baada ya mwingine kuchota ya kula, hewa ikaingia kote. Dawa yake ilitoka kwa wanawake wa kijiji cha pili: mfuko mmoja wa jikoni, mingine inafungwa na kuwekwa alama ya mkaa, haiguswi.

Dakika ya 10: kuunganisha na kazi hii (slaidi ya 4)

"Tangazo lenu linataja kuunganisha wakulima na masoko. Nikipata nafasi hii, robo ya kwanza ningeanza na kalenda ya fedha za kaya, kabla ya kununua kifaa chochote. Nawashukuru, na nakaribisha maswali."

Chupa ibaki mezani. Wanaopenda kuigusa waiguse.

Wakinikatiza au muda ukipungua

Nikibakiwa na dakika saba: naondoa dumuzi na panya. Tano: naondoa pia maonyesho ya mfuko, nabaki na chupa, hesabu na VIKOBA.

Maswali ninayoyatarajia

"Kwa nini msitumie stakabadhi ghalani?" Mfumo huo unafaa mzigo mkubwa uliokusanywa kupitia chama cha ushirika, na mahindi yakiingia ghala kuu hayaliwi tena nyumbani. Kaya yenye gunia sita inataka yote mawili, chakula na biashara, chini ya paa lake.

"Bei isipopanda je?" Inatokea, hasa mavuno yakiwa mazuri kila mahali au mpaka ukifungwa. Ndiyo sababu tulishauri mkopo usizidi theluthi ya thamani ya mahindi kwa bei ya Julai. Kwa gunia sita, thamani ni 228,000, theluthi yake 76,000. Mjumbe makini ataona kuwa kaya ya kwenye slaidi ilikopa zaidi ya hapo. Jibu: kikundi kilikubali kwa kuwa walikuwa na mbuzi wa kuuza, na ushauri wetu haukuwa sheria ya kikundi.