Shairi la Jina Langu

Somo la Kiswahili, Darasa la Pili. Vipindi viwili vilivyounganishwa, dakika 60. Vifaa: ubao, chaki nyeupe na nyekundu, madaftari, penseli, vipande vya karatasi.

Andika NEEMA ubaoni kwa kushuka, kwa chaki nyekundu. Usieleze kitu. Uliza tu: "Nimeandika nini?" Kuna atakayelaza shingo ili asome, mwache. Kisha malizia kila mstari kwa chaki nyeupe huku ukisoma kwa sauti:

Ninapenda kuruka kamba,
Embe bichi nalila na chumvi,
Eti bibi ananiita Kipepeo!
Mdogo wangu hunifuata nyuma,
Asubuhi twaenda shule pamoja.

Wasome wote mara mbili. Uliza: "Neema anakula nini? Nani anamfuata?" Wakijibu, wameshaona kazi ya shairi hili: linatuambia mambo ya Neema. Ukiwaacha waandike "Neema ni mzuri, Neema ni mwema", utapata madaftari 60 yanayofanana.

Sasa tungeni pamoja JUMA. Kwenye U watakwama, na watataja ugali, uji na ukuta. Pokea, halafu waulize: "Mwenzako akikupiga chenga, unamwambiaje?" Maneno yatakuja yenyewe.

Jioni nacheza mpira wa makaratasi,
Ukinipiga chenga nakukimbiza,
Mama akiniita najifanya sisikii,
Aah, kumbe ugali umeiva!

Vitenzi vyetu ni msaada mkubwa hapa. Mwenye T ana "tunacheza", mwenye W ana "wananiita", mwenye H ana "huamka". Ila "ninapenda" iruhusiwe mara moja tu kwa kila shairi, la sivyo darasa zima litapenda wali na kuku.

Shabani na Chausiku watauliza. SH ikae mstari mmoja, CH pia, maana tuliwafundisha kuwa ni sauti moja. Mwenye jina refu atumie analoitwa nyumbani akitaka. Felix naye ana X, na hakuna neno la Kiswahili la kumwokoa, mwambie aitumie kama alama ya mwalimu: "X sitaki kuiona daftarini!"

Kila mtoto aandike jina lake kwa kushuka, akikoleza herufi za mwanzo. Kabla ya kuandika mstari, amwambie jirani yake kwa mdomo. Usisahihishe tahajia leo, angalia herufi ya kwanza tu. Asiyeweza kuandika bado atamke mstari, wewe umwandikie kwa penseli hafifu, yeye apitishe juu yake.

Dakika 15 za mwisho, kusanya madaftari. Soma shairi moja moja bila kutaja jina, ukitua kila mwisho wa mstari, nao waandike kwenye kipande cha karatasi herufi ya mwanzo waliyoisikia. Anayelitambua jina asipige kelele. Aende akasimame nyuma ya mwenye shairi. Ambayo hayakusomwa yasomwe kesho kabla ya hesabu.