Mtihani wa Mbinu za Utafiti: Swali la Nne (Lazima, Alama 25)

Jibu vipengele vyote. Utafiti unaoelezwa hapa ni wa kubuni, ila madiko na pepo ni za kweli. Fasili ya kukariri haina alama. Kila hoja ishikize kwenye jambo lililomo katika maelezo.

Maelezo

Mtafiti mmoja alitaka kujua ni wavuvi wangapi wa pwani ya Tanga, kuanzia Moa hadi Kipumbwi, ambao bado wanatumia zana haramu: kokoro, na nyavu zenye matundu madogo kuliko yanayoruhusiwa. Aliandaa hojaji ambayo swali lake kuu lilikuwa: "Je, katika miezi 3 iliyopita umewahi kutumia zana haramu?"

Kwa siku 10 aliketi diko la Sahare, mjini Tanga, kuanzia saa 1 hadi saa 3 asubuhi. Mwenyekiti wa kikundi cha kulinda rasilimali za bahari alimsaidia kuwaita watu kwa majina, kisha akabaki ameketi kando, kikombe cha kahawa mkononi, mahojiano yakiendelea. Waliokuwa wakikimbilia mnada waliachwa. Wakati huo baadhi ya manahodha walikuwa wamehama na mabaharia wao kwenda dago. Tongoni na Chongoleani mtafiti hakufika, kwa maelezo kwamba "mvuvi ni mvuvi". Wanawake wanaotanda uduvi kwa vyandarua huingia majini maji yakipwa na huuza hukohuko vijijini kwao. Hakuna hata mmoja aliyehojiwa.

Walipatikana watu 120. Kati yao 114 walisema hawajatumia zana haramu. Baada ya wiki 2 mtafiti aliwarudia 30 kati ya wale 120, palepale, mwenyekiti akiwepo, na 29 walitoa jibu lilelile. Akaandika:

"Kwa kuwa majibu hayakubadilika, hojaji hii ni halali. Hivyo asilimia 95 ya wavuvi wa pwani ya Tanga hawatumii zana haramu."

Kazi haikuishia hapo. Wasaidizi wake wawili walikagua nyavu 40, zilezile, kila mmoja peke yake, wakipima tundu kwa vidole. Walikubaliana kuhusu nyavu 23 tu. (Mmoja ana vidole vya mpiga makasia, mwingine vya karani.) Aidha, wavuvi walewale waliulizwa kipato chao cha wiki mara mbili: mara ya kwanza wakati wa kaskazi, bahari ikiwa shwari, na mara ya pili kusi ikiwa imechachamaa. Kiasi walichotaja mara ya pili kilipungua sana, na msaidizi mmoja akashauri swali hilo lifutwe kwa sababu "halina uthabiti".

Maswali

(a) Kauli ya mtafiti imechanganya uhalali na uthabiti wa kipimo. Onesha ni kipi kati ya hivyo viwili kinachoungwa mkono na majibu ya watu 29 kati ya 30, kisha ueleze, ukitumia mazingira ya mahojiano yenyewe, kwa nini kile kingine hakijathibitika. (Alama 6)

(b) (i) Upimaji wa matundu kwa vidole una kasoro gani ya awali, na kasoro hiyo inaathiri vipi uhalali wa takwimu za nyavu? Pendekeza badiliko moja ambalo wasaidizi wangeweza kulifanya kesho yake asubuhi bila kuomba fedha. (Alama 4)

(ii) Je, ushauri wa msaidizi kuhusu swali la kipato unakubalika? Fikiri kwanza ni kitu gani kilichobadilika kati ya kaskazi na kusi: kipimo, au kinachopimwa? (Alama 3)

(c) Bainisha vyanzo vitatu vya upendeleo katika uteuzi wa sampuli. Kwa kila kimoja, sema ni nani aliyeachwa au aliyezidishwa, kisha utoe hoja kama jambo hilo linaelekea kuipandisha ile asilimia 95 au kuishusha. Pale ambapo maelezo hayatoshi kuamua mwelekeo, sema hivyo na utaje taarifa ambayo ungeihitaji. Jibu la namna hiyo linapata alama kamili. Angalizo: mwenyekiti ameingia katika utafiti huu kwa milango miwili, na ni mmoja tu unaohusu sampuli. Atakayeandika "sampuli ni ndogo" akaishia hapo hatapata kitu. (Alama 9)

(d) Baada ya kukosolewa, mtafiti anapendekeza kurudi diko lilelile, saa zilezile, na kuhoji watu 600 badala ya 120. Eleza pendekezo hilo litarekebisha nini na litaacha nini vilevile. Malizia kwa kuandika upya, kwa sentensi moja, hitimisho ambalo data alizonazo sasa zinamruhusu kulitoa: ni nani hasa, wapi, na walisema nini. (Alama 3)