Hewa ukaa katika Mauna Loa, 1959–2024: maelezo ya grafu

Grafu hii ya mstari inaonyesha wastani wa kila mwaka wa hewa ukaa iliyomo angani, kama ulivyopimwa katika kituo kilicho ubavuni mwa volkano ya Mauna Loa, Hawaii, takriban mita 3,400 juu ya usawa wa bahari. Mhimili wa mlalo una miaka, kuanzia 1959 hadi 2024. Mhimili wa wima una kiwango cha gesi hiyo, yaani sehemu ngapi za hewa ukaa zimo katika kila sehemu milioni za hewa. Mwanasayansi Mmarekani Charles David Keeling alianza kupima hapo Machi 1958, lakini kwa kuwa vipimo vya mwaka huo havikutimia miezi kumi na miwili, mstari unaanzia mwaka uliofuata.

Kwa jumla mstari unapanda tangu mwanzo hadi mwisho, kutoka 316 mwaka 1959 hadi karibu 425 mwaka 2024, na hakuna hata mwaka mmoja ulioshuka chini ya ule uliotangulia. Lakini haukupanda kwa mwendo mmoja. Katika miaka ya 1960 uliongezeka taratibu, kutoka 317 mwaka 1960 hadi 326 mwaka 1970, sawa na nyongeza ya takriban 0.9 kwa mwaka. Muongo uliofuata ulishika kasi na kufikia karibu 339 mwaka 1980, kisha ukafika 354 mwaka 1990. Hapo mwinuko ukalegea kidogo. Baada ya mlipuko wa volkano ya Pinatubo nchini Ufilipino mwaka 1991, kiwango kilisogea kutoka 355.7 mwaka huo hadi 357.2 mwaka 1993, nyongeza ya 1.5 tu kwa miaka miwili. Kwa jicho la haraka mtu angedhani mstari umetulia, ila ukiutazama vizuri bado unapanda. Utulivu huo haukudumu. Mwaka 1998, El Niño ilipokuwa kali, kiwango kiliruka kwa takriban 3 ndani ya mwaka mmoja, na ilipokuwa kali tena kiliruka kwa 3.4 kati ya 2015 na 2016. Wastani wa mwaka ulivuka 400 kwa mara ya kwanza mwaka 2015, na tangu hapo haujarudi chini yake. Kati ya 2010 na 2020 mstari ulipanda kutoka 390 hadi 414, wastani wa 2.4 kwa mwaka, yaani zaidi ya mara mbili na nusu ya kasi ya miaka ya 1960.

Sehemu iliyonishika zaidi ni mwaka 2020. Viwanda vilifungwa, ndege zikalala viwanjani, barabara zikawa tupu, nami nilitarajia kuuona mstari ukiinama. Haukuinama: ulipanda kutoka 411.7 mwaka 2019 hadi 414.2. Utoaji wa gesi ulipungua mwaka huo, lakini kupungua si kukoma, na kinachoingia angani hujilimbikiza juu ya kilichokuwapo.

Msomaji aangalie pia kwamba mhimili wa wima unaanzia 300, si sifuri. Kwa sababu hiyo ncha ya kulia inaonekana kuwa na kimo mara kadhaa ya kile cha ncha ya kushoto, ilhali ongezeko halisi ni 109, sawa na asilimia 34 hivi. Hilo lenyewe ni kubwa mno; halihitaji kukuzwa na mchoro.

Mstari mwembamba unaopita juu ya ule mnene ni wa wastani wa kila mwezi. Huo hauendi moja kwa moja, bali huyumba kama wimbi: hufikia kilele mwezi Mei, kisha huporomoka kwa takriban 6 hadi Septemba au Oktoba, mimea ya kaskazini mwa dunia inapofyonza hewa ukaa wakati wa kukua, halafu hupanda tena. Volkano ya Mauna Loa ilipolipuka Novemba 2022 kituo kilikatikiwa umeme na njia, vipimo vikahamishiwa kwa muda katika mlima jirani wa Mauna Kea, na wimbi likaendelea bila kuvunjika. Kila mwaka kilele huwa juu zaidi, na bonde vilevile. Kilele cha Mei 2021 kilikuwa 419; miaka mitatu baadaye, bonde la 2024 lilikuwa limeshapita 420.