Barua kwa Darasa la Sita kuhusu Karatasi Tatu za Ukutani

Wanafunzi wangu wa Darasa la Sita,

Salamu nyingi. Kwamba nastaafu muhula huu ukiisha mnajua tayari, maana habari za walimu huwafikia kabla hazijatufikia sisi wenyewe. Siku ya kuagana pale uwanjani nitapewa dakika chache tu, jua likiwa kali na wadogo zenu wakisukumana mstarini. Kwa hiyo ya moyoni nimeona niyaandike, myasome kwa nafasi.

Juzi mmoja wenu aliniuliza kama nitaondoka na zile karatasi tatu za juu ya ubao. Hapana, naziacha. Mwalimu ajaye akitaka kuzibandua, azibandue bila manung'uniko yenu, kwani ukuta utakuwa wake. Ila mmezitazama kila siku mpaka mmeacha kuziona, na sijawahi kukaa nanyi nikaeleza kwa nini niliziweka.

Ya kwanza ni ile ya wino mwekundu: ONYESHA NJIA. Najua ndiyo mnayoichukia kuliko zote. "Mwalimu, si jibu nimepata?" Umepata, ndiyo. Lakini hebu tazameni hesabu hii, ya kujumlisha theluthi mbili na robo moja. Mwanafunzi mmoja aliandika 10/12 peke yake, akanyamaza. Mwingine akaandika hivi: 8/12 + 2/12 = 10/12. Wote wamekosa, kwa sababu jibu ni 11/12. Kwa yule wa kwanza sina la kusema, maana sijui alipotelea wapi. Huenda alibahatisha, huenda alichungulia kwa jirani. Wa pili nikimsoma naona kila kitu. Anajua kwamba lazima asili zilingane, ametafuta 12 mwenyewe, theluthi mbili ameigeuza sawasawa kuwa 8/12. Ameteleza mahali pamoja tu, kwenye robo, ambayo ni 3/12 na si 2/12. Huyo namsaidia kwa nusu dakika, na alama za njia nampa. Ndiyo maana wenzenu waliokosa jibu walikuwa wakipata alama nyingi kuliko mlivyodhani ni haki, mkaja mezani kwangu kulalamika.

Na msidhani hili ni la watoto. Mnakumbuka kwamba 3 × 3 ukijumlisha na 4 × 4 unapata 25, ambayo ni 5 × 5. Sasa jaribuni namba nzima zizidishwe mara tatu badala ya mara mbili, 3 × 3 × 3 na kuendelea, mtafute mbili ambazo jumla yake ni ya tatu ya aina hiyo hiyo. Sifuri hairuhusiwi. Hamtapata. Mwanasheria mmoja Mfaransa aliyependa hesabu, Pierre de Fermat, aliandika pembeni mwa kitabu chake, yapata mwaka 1637, kwamba haiwezekani kwa mara tatu, wala nne, wala idadi yoyote inayozidi mbili. Akaongeza kwamba uthibitisho anao, mzuri ajabu, ila nafasi pale pembeni haitoshi kuuandika. Akafa bila kuuonyesha. Wanahisabati wakahangaika zaidi ya miaka 350, hadi Mwingereza Andrew Wiles alipotangaza mwaka 1993 kwamba ameuthibitisha. Wenzake wakasoma njia yake hatua kwa hatua, wakakuta pengo. Aliliziba mwaka uliofuata, akisaidiana na Richard Taylor, na kazi ikachapishwa 1995. Pengo lilionekana kwa sababu njia ilikuwa imeandikwa. Fermat angekuwa darasani kwangu, mngejua ningempa ngapi.

Karatasi ya pili, ANDIKA KIPIMO, haina maneno mengi. Ukiniandikia kwamba eneo la shamba ni 40, nakuuliza 40 nini? Mwaka 1999 chombo cha Wamarekani kilichotumwa kwenye sayari ya Mirihi kilipotea kwa jambo hilihili. Programu moja ya kompyuta ilitoa hesabu za msukumo kwa paundi, na waliozipokea wakazitumia kana kwamba ni nyutoni. Chombo kikaikaribia sayari kuliko ilivyotakiwa, hakikusikika tena. Waliofanya kazi ile walikuwa wasomi wakubwa. Basi nikikata alama moja kwa sababu ya sentimita za mraba, msione nawaonea.

Ya tatu ndiyo iliyochakaa zaidi, gundi imebadilishwa mara nyingi: KUULIZA SI UJINGA. Msemo ni wa wazee, mimi niliuandika tu kwa herufi kubwa. Wapo miongoni mwenu wanaouliza ili kipindi kiishe, nawajua kwa majina, na leo sisemi nao. Nasema na swali lililoulizwa muhula uliopita kutoka dawati la nyuma: "Mwalimu, kwa nini hatugawanyi kwa sifuri?" Darasa likacheka. Nikawauliza waliocheka wajibu wao. Kimya. "Kwa sababu haiwezekani," mmoja akasema, na hilo si jibu, ni kulirudia swali kwa sauti nyingine.

Tukalifuata ubaoni. 12 gawanya kwa 3 ni 4, kwa kuwa 4 × 3 inarudisha 12. Haya, 12 gawanya kwa 0 ni ngapi? Tafuta namba ambayo ukiizidisha kwa 0 unapata 12. Haipo, maana chochote mara sifuri ni sifuri. Hapo mtoto wa mstari wa mbele akaruka: na 0 gawanya kwa 0 je? Ndipo kazi ikanoga, kwa sababu safari hii kila namba inafaa. Jibu laweza kuwa 5, laweza kuwa 800, na gawanyo lenye majibu yote halina msaada kwa mtu. Kipindi kile nilikuwa nimepanga kufundisha asilimia. Hatukuzigusa, wala sijutii.

Kwa hiyo waliocheka siku ile, mwombeni radhi mwenzenu kama bado. Nanyi msiouliza kabisa, mnaosubiri wenzenu watoke ndipo msogee mezani kwangu na daftari limekunjwa, nimewaona miaka yote na nimewapenda vilevile. Mwalimu mpya hawajui bado. Msimwache akisie. Mkishindwa kunyoosha kidole, andikeni swali kwenye kikaratasi mkiweke ndani ya daftari mnapokusanya, kama mlivyonizoesha. Nimeshamwambia avitarajie.

Kuhusu mimi msihangaike. Asubuhi nitalala kidogo zaidi, halafu nina kitabu cha jiometria nilichokinunua zamani nikakosa muda wa kukimaliza.

Madaftari yote nimesahihisha, yamo kabatini, ufunguo anao kiranja. Wale wa kundi la tatu, zoezi la mizingo mmeandika vipimo kwa swali la kwanza tu na mengine mmeyaacha wazi. Yamalizeni kabla ya Ijumaa. Nitayapitia kabla sijakabidhi.

Wenu,
Mwalimu wa Hisabati