Mlango wa Bluu

Abiria yule nilimpakia kijiweni kwetu saa mbili kasoro, mvua imekata ila mawingu bado yamekaa. Mbagala Kuu mpaka Tandika sokoni. Nikamwambia elfu tatu, akasema elfu mbili, tukakubaliana mbili na mia tano. Tulipofika akatoa noti ya elfu mbili mfuko wa shati, akajipapasa, akacheka.

"Mia tano unanidai, dogo. Jioni napita palepale kijiweni kwenu."

Hao wa jioni-napita nawajua. Nikageuza pikipiki.

Ilikuwa tarehe 28 Aprili. Kodi yangu ilikuwa inaisha tarehe 30. Chumba 50,000 kwa mwezi, na Mama Zaituni hapokei chini ya miezi sita, kwa hiyo 300,000 taslimu, mkononi, huku anakuangalia unavyohesabu. Mimi nilikuwa na 170,000 ndani ya kopo la maziwa ya unga la mwanangu Latifa. Zilikuwa 220,000 wiki mbili nyuma, halafu cheni ikakatika pale Zakhiem, sproketi nayo imekwisha meno, na masika hii abiria hataki kulowa anapanda daladala. Bosi wa pikipiki hajui masika. Mkataba ni 10,000 kila siku, inyeshe isinyeshe, mpaka miezi mitano ijayo atakaponikabidhi kadi nami niitwe mwenye pikipiki.

Mchana nikasimama Rangi Tatu kufuta matope. Nina mpira wa kufungia mizigo pale kwenye keria, na chini yake huwa nabana koti la mvua. Nikavuta koti, kikadondoka kitu kizito, pwa, kwenye maji. Waleti. Nyeusi, ya ngozi ya kuigiza, imevimba mpaka kifungo kimekataa.

Nilifanya kile ambacho kila mtu hufanya na kila mtu hukana. Nikatazama kushoto, nikatazama kulia, nikaikanyaga.

Niliifungulia chooni, choo cha kulipia cha stendi, nimeegemea mlango usio na komeo. Misimbazi mitupu. Tembo juu ya tembo, mpya, zimenata kama zimetoka benki asubuhi ile. Nikahesabu mara ya kwanza nikapotea kwenye ishirini na kitu. Mara ya pili nikapata 35. Laki tatu na nusu. Nje mtu akagonga, akauliza kama nimefia humo.

Kwenye kifuko cha mbele kulikuwa na kadi za kugawa, zote za aina moja: *Dalali. Vyumba, Fremu, Viwanja*, na namba ya simu. Yule wa mia tano, basi. Na nyuma ya kadi, karatasi ya kaunta buku imekunjwa mara nne. Ningeiacha. Nilikuwa nimekwisha pata nilichokuwa nahitaji kujua, na nilichokuwa natamani kutokujua. Lakini mkono ulikuwa umeshaanza kukunjua.

*Chumba 1, Mbagala Kuu, kwa Mama Zaituni. Uani, mlango wa bluu, jirani na bomba. Miezi 6 x 50,000 = 300,000. Dalali mwezi 1 = 50,000. Jumla 350,000. Anaingia tarehe 1/5.*

Uani pale kuna vyumba vinne. Vitatu vina milango ya mbao isiyopakwa kitu tangu seremala aondoke. Wa bluu ni mmoja. Niliupaka mwenyewe, kwa rangi iliyobaki kwenye kibarua cha geti, siku mke wangu Mwajuma alipotoka hospitali na Latifa. Chini, upande wa bawaba, rangi haikutosha, nikamalizia na ya kijani.

Nilirudi kwenye pikipiki nikakaa juu yake bila kuwasha. Abiria wawili walikuja nikawaambia nina mtu.

Mama Zaituni alikuwa ameniambia wiki iliyopita, kwa mdomo wake, "Baba Latifa, mimi na wewe hatugombani, nakusubiri mpaka tarehe 30." Na sisemi hana sababu. Mara mbili nimemchelewesha, mara moja siku kumi na moja nzima, na ana mjukuu anayemsomesha. Lakini si angeniambia? Unamwuzia mtu mlango huku unamsalimia asubuhi, unamwuliza mtoto kaamkaje?

Hapo ndipo hesabu nyingine ikaanza kichwani, na hiyo nitaisema kama ilivyokuwa. Hizi laki tatu zilikuwa zinakwenda kwa nani? Kwa Mama Zaituni. Kwa ajili ya chumba gani? Changu. Basi nikichomoa noti 13 nikaziweka juu ya laki na sabini yangu, nikampelekea, hela inafika palepale ilipokuwa inakwenda. Inabadilika jina tu. Zinazobaki namrudishia dalali, namwambia nimeiokota ikiwa wazi, walishapita wenzangu. Nilizipenda hizo sentensi. Nilizirudia mara tatu na kila mara zilikuwa zinanyooka zaidi.

Nikachomoa 13. Nikaziweka mfuko wa kushoto wa koti, waleti nikaitia ndani ya suruali, kiunoni, nikaenda nyumbani kuchukua kopo.

Mwajuma hakuwepo, alikuwa kwa dada yake na mtoto. Nikafungua kopo kitandani, nikaunganisha. Zangu zilikuwa elfu tano tano, elfu mbili mbili, nyingine zimechakaa zinanuka petroli. Zile 13 zilikaa juu yake kama wageni waliokosea msiba. Mtu yeyote angeona. Bodaboda gani ana misimbazi mipya inayofuatana? Nikazichanganya kama karata. Bado zilionekana.

Mama Zaituni alikuwa barazani, ungo mapajani, anachambua mchele. Kanga ya kiunoni imefungwa fundo pale anapowekaga fedha.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba Latifa. Leo umewahi. Kulikoni?"

Mkono wangu ulikuwa ndani ya koti, umeshika laki tatu kamili. "Nimepita tu. Kuhusu ile kodi."

"Aa, mwanangu." Akatoa jiwe kwenye mchele, akalitupa uani bila kuangalia linakoangukia. "Bado siku mbili. Usijitese."

Hakuninyanyulia macho. Kama angeninyanyulia ningempa, hilo nina hakika nalo, maana mkono ulikuwa umeshaanza kutoka. Aliendelea kutafuta mawe. Nami nikamwona anavyozipokea, anavyozihesabu, anavyozifunga kwenye fundo, na tarehe 1 mgeni anafika na godoro lake mlangoni. Huyo mgeni angedai kwa nani? Dalali angekuja kwa nani? Kiti cha mwisho alichokalia kabla hajapoteza waleti ni changu. Kijiwe kinanijua, koti langu la kuakisi lina namba mgongoni. Nimewahi kuona, Mbagala hii hii, neno *mwizi* linavyokimbia haraka kuliko pikipiki.

Sitadai kwamba niliwaza mambo makubwa zaidi ya hayo.

"Basi mama, tutaonana."

"Msalimie mama Latifa."

Nikaenda nyuma ya mlango wangu, nikazirudisha zile 13, moja moja, tembo akiangalia upande uleule kama nilivyozikuta. Halafu nikapiga ile namba.

Alipokea kabla haijaita mara ya pili. Sauti haikuwa ya mtu aliyekuwa anacheka asubuhi.

Nilimkuta Tandika, amekaa kwenye kreti la soda, shati limelowa jasho. Inaelekea alikuwa amezunguka soko zima. Alipokea waleti kwa mikono miwili. Hakushukuru kwanza, alihesabu. Alipofika 35 akahesabu tena kuanzia mwanzo, polepole, na mimi nimesimama pale kama mtuhumiwa. Nilikasirika, kisha nikakumbuka noti 13 zilikokuwa saa moja iliyopita, hasira ikakosa pa kukaa.

"Zimetimia," akasema. Akafuta uso. "Dogo, wewe una wazazi. Sema unataka nini."

"Hiyo karatasi nimeisoma."

"Haina neno. Ni biashara tu."

"Huo mlango wa bluu, chini umemaliziwa na rangi ya kijani. Uliuona?"

Akaniangalia. "Niliuona. Nikamwambia mama ataurudia rangi kabla mteja hajaingia."

"Nimeupaka mimi. Ndimo ninamolala na mke wangu na mtoto. Kodi yangu inaisha keshokutwa, hatujaagana na mtu."

Alikaa kimya muda wa mtu kupakua gunia. Kisha akatoa simu, akabonyeza, akaweka sauti kubwa. Mama Zaituni akaitikia, na nikasikia mchele ukiyumba kwenye ungo.

"Mama, yule kijana wa mlango wa bluu, alishakupa notisi kwamba anahama?"

"Yule wa bodaboda? Anatoka huyo, usiwe na wasiwasi. Hela hana."

"Yeye mwenyewe kasema anatoka?"

"Mwanangu, wewe leta mteja. Hayo mengine niachie."

Akakata. Akakunja ile karatasi mara nne, kwenye mikunjo yake ileile, akaitia mfuko wa shati badala ya waleti.

"Mimi mteja wangu kanipa hela," akasema. "Binti anaanza kazi tarehe 2 na lazima alale mahali. Siwezi kumwambia mwenye chumba kaupenda mlango wake. Kwako umekusanya ngapi?"

"Laki na sabini."

"Anataka laki tatu."

"Anataka laki tatu."

Akatafuna mdomo. Pembeni yetu kinyozi alikuwa amezima mashine ili asikie vizuri. Dalali akainuka kwenye kreti, akajipapasa mfuko wa nyuma, akahamishia waleti mfuko wa mbele, akaubonyeza kwa kiganja.

"Kizuiani kuna mzee ana chumba, anapokea miezi mitatu mitatu. Elfu hamsini hiyohiyo. Sijui kama bado kipo. Kikiwepo, yeye au wewe, mmoja wenu atakaa. Udalali sikukati." Akapanda nyuma yangu bila kuuliza. "Twende tukakione kabla mvua haijarudi."

Laki na sabini. Miezi mitatu, laki na hamsini. Nilipiga hesabu hiyo kabla hajamaliza kukaa, nikabaki na elfu ishirini na mlango ambao sijui una rangi gani.

Nikawasha. "Kizuiani elfu mbili na mia tano."

"Elfu mbili."

"Na mia tano ya asubuhi."